Sahani ya Shangazi
"Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Shangazi akiuliza hivyo huku akikuongezea pilau, msikilizaji, ujue ana hofu. Kabla dawa za UKIMWI hazijapatikana, kukonda kulitangulia misiba mingi, na waliozika hawajasahau. Basi itulize kwanza hofu hiyo: "Mzima kabisa, shangazi. Nimepunguza wali tu." Usieleze mlo wako mezani, kila sababu utakayotoa itapata mpinzani. Omba kujipakulia, anza na kachumbari, kula polepole, maana sahani tupu hujazwa upesi. Akisisitiza, rudia maneno yaleyale kwa upole uleule: "Nimeshiba, shangazi, pilau yako ni tamu." Kisha muulize habari za shamba. Ila anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kabla ya kupunguza wali, kwani sukari yaweza kushuka mno.