Swali Moja kwa Kisanduku

Vijana ninaokaa nao jioni wanapenda kusema kwamba kompyuta ya kwanta "inajaribu majibu yote kwa mpigo". Ushahidi wanaoutaja ni algoridhimu ya David Deutsch, mwanafizikia wa Oxford, aliyetoa toleo lake la kwanza mwaka 1985. Mimi nikiifuata hatua kwa hatua naona inaonyesha kitu kingine kabisa, tena kigumu zaidi: unaweza kujua kama majibu mawili yanafanana bila kulijua hata moja?

Chukua kisanduku kilichofungwa. Ukikipa 0 kinakujibu 0 au 1. Ukikipa 1, vilevile. Kwa hiyo ndani yake kuna moja ya kanuni nne tu: hujibu 0 na 0, au 1 na 1, au 0 na 1, au 1 na 0. Mbili za kwanza tuziite thabiti, mbili za mwisho nusu kwa nusu. Kwa njia yetu ya kawaida lazima uulize mara mbili. Ni kama mhojaji anayemuuliza baba idadi ya watoto, kisha mama, kila mmoja peke yake. Akishamsikia baba tu, hajui chochote kuhusu kufanana.

Sasa biti ya kwanta inaweza kubeba 0 na 1 pamoja, kila moja na uzito wake, na uzito huo una alama, kuongeza au kutoa. Ukiisoma, nafasi ya kupata kila jibu ni mraba wa uzito, kwa hiyo alama haionekani. Tunaanza na uzito sawa, + na +. Tunauliza kisanduku mara moja tu. Kimetengenezwa hivi: pale ambapo jibu lake ni 1, kinageuza alama. Basi kanuni zetu nne zinatupa + +, − −, + −, na − +.

Ukisoma hapohapo utapata 0 au 1 kwa bahati, kama kurusha sarafu, na hujajifunza kitu. Hapo ndipo ile habari ya "majibu yote kwa mpigo" inapoanguka: alama zote mbili zimo, ila huwezi kuzichukua.

Inabaki hatua ya mwisho, kuchanganya. Uzito mpya wa 0 unatokana na kujumlisha ule wa zamani, na uzito mpya wa 1 unatokana na kutoa. Kwa + + jumla inabaki na tofauti inakuwa sifuri, kwa hiyo utasoma 0. Kwa − − tofauti ni sifuri pia, kwa hiyo tena 0. Kwa + − na − + jumla ndiyo inayokufa, unasoma 1. Hakuna kubahatisha: 0 ni thabiti, 1 ni nusu kwa nusu.

Lakini angalia kilichopotea. Ukisoma 0, huwezi kujua kama kisanduku hujibu 0 na 0 au 1 na 1. Mashine imekupa uhusiano, na majibu yenyewe yamefutika. Hata baba na mama wakisema namba moja, bado unaweza kubaki hujui watoto ni wangapi kweli. Kufanana ni ujuzi, sikatai. Ila ni ujuzi wa aina yake.

Mwaka 1992 Deutsch na Richard Jozsa waliipanua. Tuseme kisanduku kinapokea maswali 1024, na umeahidiwa kwamba ama majibu yote ni sawa, ama nusu ni 0 na nusu ni 1. Kwa njia ya kawaida, ukitaka uhakika kamili, unaweza kulazimika kuuliza mara 513. Kwa kwanta, mara moja. Watu wanashangilia hapo, lakini ukichagua maswali 10 tu kwa bahati nasibu na yote yakajibiwa sawa, nafasi ya kudanganyika ni chini ya 1 kati ya 500. Pengo kubwa lipo kwa anayedai uhakika wa asilimia mia.

Na kuna ile ahadi. Tuseme mtu aliyetuahidi hakusema kweli: majibu 1023 ni 0, na moja tu ni 1. Ule mmoja unageuza alama moja kati ya 1024. Ukichanganya, mashine itasoma "thabiti" karibu mara 996 kati ya 1000. Haijaharibika. Imejibu swali la visanduku vya aina mbili, na hiki si cha aina yoyote kati ya hizo. Yule mmoja aliyejibu tofauti haonekani popote kwenye matokeo, wala hakuna taa inayowaka kuonya. Mtu pekee anayeweza kumtaja ni aliyekuwa anakijua kisanduku kabla hakijafungwa, na algoridhimu haina hatua ya kumuuliza huyo.