Laki Tatu za Karani wa Stoo

Nilipokuwa mhasibu wa mishahara katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, karani wetu wa stoo alikaimu nafasi ya msimamizi kuanzia Januari hadi Machi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na barua ya kukaimu ilimpa posho ya 300,000 juu yake. Machi ilipoisha alirudi kwenye meza yake ya zamani. Posho haikurudi naye. Niliiingiza kwenye mfumo bila kuweka tarehe ya mwisho, ikaendelea kulipwa Aprili, Mei, Juni na Julai.

Kila mwezi nililinganisha orodha ya mishahara na ya mwezi uliotangulia, na jina lake halikuwahi kunishtua. Nilikuwa natafuta kilichobadilika, kumbe kosa lilikuwa katika kile ambacho kilipaswa kubadilika kikabaki vilevile. Niligundua Agosti, nilipokuwa natafuta barua nyingine katika faili lake.

Aibu ilinifanya niharakishe. Nilipiga hesabu ya juu juu: laki tatu mara miezi minne, ni 1,200,000. Nikamwambia kwa mdomo kwamba alizidishiwa, na mwezi huohuo nikamkata laki tatu kwenye fedha za mkononi. Sikuwa na akaunti ya kuziweka, nikaziandika kama mapato mengineyo ya kampuni. Nikajiona nimemaliza robo ya kazi.

Siku mbili baada ya mshahara, karani alikuja na taarifa yake ya benki. Kwa kuwa alikuwa na mkopo wa 330,000 kwa mwezi, alibakiwa na 298,000, na kodi ya nyumba ilikuwa inamsubiri. Lakini hakuja kulia njaa. Alikuja na swali.

"Kaka, hiyo milioni moja na laki mbili mnayonidai, iliingia kwangu lini? Benki inaonyesha nyongeza ya 189,000 kwa mwezi. Zilizobaki alichukua nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa mkuu wetu wa fedha, mama aliyekaa na vitabu vya hesabu kabla mimi sijazaliwa. Alichukua karatasi akaigawa laki tatu mbele yangu. Asilimia 10, yaani 30,000, ilikwenda NSSF kama mchango wa mfanyakazi. Kodi ya mshahara, PAYE, ilipanda kutoka 152,000 hadi 233,000, kwa hiyo 81,000 zilikwenda TRA. Zikabaki 189,000, shilingi zilezile zilizokuwa kwenye taarifa ya benki.

"Mwanangu," akaniambia, "unamdai mtu fedha ulizompa mwingine."

Kwa miezi minne karani alikuwa amepokea 756,000 tu, na hilo ndilo deni lake. Zile 444,000 nyingine zilikuwa TRA na NSSF, na ilikuwa kazi yetu kuzifuata huko kwa kurekebisha ritani za miezi ile minne na kuomba zirejeshwe au zihesabiwe kwenye malipo yajayo. NSSF walikuwa pia na 120,000 nyingine, kwa sababu mwajiri naye alichangia asilimia 10 juu ya posho isiyostahili. Hata tozo ya SDL na mchango wa WCF vilipanda, maana vyote hukokotolewa kwenye malipo ghafi.

Kisha akaniuliza makubaliano yako wapi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kukata mshahara kwa utashi wake, isipokuwa sheria imeruhusu au mfanyakazi ameridhia deni kwa maandishi. Kifungu hichohicho kinakubali kurejeshwa kwa malipo yaliyozidi kutokana na kosa la kukokotoa. Kwa hiyo haki ya kudai tulikuwa nayo, ila mimi nilikata kwanza na maelezo hayakuwahi kufuata.

Tuliketi watatu. Tuliandika barua inayoeleza kosa lilitoka wapi, miezi iliyohusika na hesabu ya 756,000, tukampa siku kadhaa aikague. Alipendekeza miezi sita, yaani 126,000 kwa mwezi. Kwa mkopo aliokuwa nao, angebaki na 472,000, zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni ya theluthi inajulikana zaidi serikalini, lakini mama aliitumia kama kipimo cha ubinadamu. Karani alitia saini, pamoja na sharti kwamba akiacha kazi kabla ya kumaliza, salio litakatwa kwenye stahiki zake za mwisho.

Ikabaki kusafisha vitabu. Zile laki tatu za Agosti hazikuwa mapato. Kampuni haikuuza kitu, ilikuwa inarudishiwa fedha zake. Tuliziondoa kwenye mapato mengineyo, tukahesabu 126,000 kama awamu ya kwanza, na 174,000 tukamrudishia karani siku ileile.

Kabla ya hapo tulifungua akaunti ya mdaiwa kwa jina lake na kuandika marekebisho yafuatayo, kwa mchango wa mfanyakazi na PAYE:

Debiti: Mdaiwa, karani wa stoo, 756,000
Debiti: PAYE inayodaiwa TRA, 324,000
Debiti: Michango inayodaiwa NSSF, 120,000
Krediti: Gharama za mishahara, 1,200,000

Mchango wa mwajiri uliandikwa peke yake: debiti NSSF 120,000, krediti gharama za michango 120,000. Hivyo gharama za mishahara na za michango ya NSSF zikashuka hadi pale zilipostahili kuwa.

Ilipofika Septemba nilikaribia kukosea tena. Nilitaka kupunguza mshahara wake ghafi uwe 1,074,000 ili makato yaende yenyewe. Mama akanizuia. Mfanyakazi anayelipa deni hajapunguziwa mshahara. Gharama inaandikwa 1,200,000 kamili, NSSF na PAYE zinakokotolewa juu ya hiyo kamili, na 126,000 zinakatwa mwishoni, kwenye fedha za mkononi, zikienda krediti ya akaunti ya mdaiwa. Ningepunguza ghafi, kodi na mchango wake wa uzeeni vingepungua kwa miezi aliyofanya kazi kikamilifu, na akaunti ya mdaiwa isingesogea hata shilingi.

Hati yake ya mshahara ilionyesha mstari mmoja unaosomeka "Marejesho ya malipo yaliyozidi", na chini yake salio lililobaki. Tulipofunga vitabu tarehe 31 Desemba, mizania ilikuwa na 126,000 chini ya wadaiwa. Mkaguzi aliuliza, tukampa barua yenye saini na hati tano za mshahara, akaweka alama ya vema. Mwisho wa Januari akaunti ilisoma sifuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nilikuwa nalo. Nilichokosa ni kuandika kila shilingi kwa jina la aliyeishika. Ewe unayeandaa mishahara, ukigundua umemzidishia mtu, usianze na ulichotoa. Anza na kilichoingia mkononi mwake, ukiandike, atie saini, ndipo ukate. Na posho yoyote yenye mwisho, iwekee tarehe ya mwisho siku hiyohiyo unapoiingiza.