Lita Kumi na Mbili za Tumati

Mkulima mmoja wa Tumati, kule nyanda za juu za Mbulu, alijenga gereji ya trekta na pikapu yake. Sakafu ilikuwa ya zege, mita 6 kwa 8. Alichoka na vumbi la saruji na madoa ya oili yasiyotoka, akaamua kuipaka ipoksi.

Hesabu aliipiga mwenyewe, na haikuwa na kosa la kujumlisha. Mita 6 mara 8 ni mita za mraba 48. Kopo liliandikwa kwamba lita moja hufunika mita za mraba 8. Mkono mmoja basi ni lita 6, mikono miwili lita 12. Akaagiza Arusha seti tatu za lita 4, kila seti ikiwa na makopo yake mawili ya kuchanganya. Kabla ya hapo alidondosha maji mlangoni aone kama sakafu inanyonya. Tone likatulia juu, akaridhika.

Tatizo ni kwamba mlangoni fundi mwashi alikuwa amepiga niru kwa mwiko wa chuma, eneo la mita za mraba 8 hivi. Kule ndani, mita 40 zilizobaki, alisawazisha kwa ubao tu. Sakafu iliyosawazishwa kwa ubao ina vitundu vidogo kila mahali, na tone la maji likiangukia hapo hupotea mara moja, likiacha doa jeusi la unyevu.

Siku ya kupaka, mlangoni rola iliteleza vizuri na lita moja ilitosha. Ndani, kila wapakaji walipopita, mng'ao ulififia wakiwa bado wanaangalia, wakalazimika kurudia. Lita moja ikaishia mita za mraba 4. Mita 40 zikala lita 10. Lita moja ya mwisho wakaiongeza palipofifia zaidi, na mkono wa kwanza ukawa umemaliza mzigo wote.

Namba ya kwenye kopo si ya uongo. Lita moja ya ipoksi isiyo na thina, ikitandazwa mita za mraba 8, huacha utando wa milimita 0.125. Hiyo ni hesabu ya ujazo, na inachukulia kwamba sehemu ya chini hainyonyi chochote. Kinachozama kwenye vitundu kinasaidia kushika zege, lakini hakihesabiki kwenye utando unaokanyagwa na tairi. Kuinyoosha rangi kwa thina hakuokoi chochote, kwa sababu thina huruka na unabaki utando mwembamba zaidi.

Seti mbili za nyongeza zilifika baada ya siku tisa. Hapa ndipo hasara kubwa ilipoingia. Ipoksi nyingi hutaka mkono wa pili ndani ya siku moja au mbili, kadiri maelezo ya kopo yanavyosema, wakati ule wa kwanza bado unaweza kushikamana nao. Ukipita muda huo, lazima upigwe msasa mpaka mng'ao wote uishe, kisha vumbi lifutwe. Wao walifagia tu, wakapaka.

Miezi michache baadaye tairi za trekta zikaanza kuinua vipande. Fundi wa rangi aliyeitwa aliokota kimoja akakigeuza.

"Mzee, angalia huku chini. Kunang'aa kama sahani. Kingekuwa kimeng'oka kwenye zege, ungeona unga wa saruji umeganda hapa. Mkono wa kwanza uko salama, huu wa pili ndio haukushika."

"Sasa ningejuaje mapema sakafu itakunywa kiasi gani?"

Fundi akamweleza. Unachora mraba wa mita moja kwa moja mahali panaponyonya zaidi, siyo mlangoni. Unachanganya ipoksi kidogo kwa kipimo kilekile cha makopo, unalowesha rola kwanza, kisha unapima trei pamoja na rola kwenye mizani. Unapaka mpaka mng'ao utulie, unapima tena. Uzito uliopungua, kwa kulinganisha na uzito wa lita moja ya mchanganyiko huohuo, unakupa ujazo uliotumika. Kwenye sakafu hii ungekuwa robo lita.

Wakapiga hesabu upya pale pale. Mkono wa kwanza ni lita 10 za ndani na lita 1 ya mlangoni. Mkono wa pili unakuta vitundu vimezibwa, kwa hiyo namba ya kopo inafaa: lita 6. Jumla 17. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya ipoksi inayobaki kwenye rola na makopo, unafika karibu lita 19, yaani seti tano, lita 20, zikiwa zote mkononi kabla ya kufungua kopo la kwanza.

Mkono ulioharibika ulikwanguliwa, sakafu yote ikapigwa msasa wa mashine, zikanunuliwa seti mbili nyingine. Gereji ile ikawa imekula lita 28, mbali na ujira wa kukwangua.