Kodi ya fremu na asilimia ya mauzo

Ramadhani, siku ya 14.

Ndugu mmoja wa Bunda kaniuliza: mwenye fremu hataki kodi ya kawaida, anataka asilimia 5 ya mauzo ya kila mwezi. Ni haki?

Kwa Mashafii, kodi lazima ijulikane siku ya kukubaliana. Wapo wanazuoni walioruhusu sehemu ya pato, kwa mfano wa Khaybar, mashamba Mtume (s.a.w.) aliyowaachia wakulima kwa nusu ya mavuno. Lakini pale mavuno yakikosekana, wote wawili wanakosa. Mauzo siyo mavuno! Akiuza sukari na unga wa milioni 4 kwa faida ya asilimia 4, kapata 160,000, na kodi ni 200,000. Mwenye fremu kala, yeye ana deni.

Nikamwambia: kodi iwe 100,000, ijulikane. Mwezi wa kuweka shelfu, grili na umeme usilipiwe, maana hajaanza kunufaika, na tarehe ya mwisho iandikwe kabisa. Hapo ndipo watu hugombana. Mwenye fremu aking'ang'ania nyongeza, basi kwa kauli ya hao wengine, iwe asilimia 1 ya kinachozidi milioni 3. Kwa milioni 4 ni 10,000. Na wakubaliane mapema daftari la nani litasomwa.