Nasaha za Mume Aliyesahau Usiku wa Kumi na Nne

Mume aliyemkosea mkewe, akataka kumwomba radhi, hana adui mkubwa kuliko udhuru wake wa kweli. Udhuru wa uongo haumdhuru sana, kwa kuwa mwenyewe anaujua ulivyo, huuogopa, na mara nyingi huuacha mlangoni kabla hajavua viatu. Ule wa kweli huingia nao kifua mbele, akauweka mbele ya mkewe kama hati ya kadhi, kisha akastaajabu kuona kwamba hasira aliyokuja kuizima imepanda. Haya sikuhadithiwa. Yalinisibu mwenyewe hapa Unguja katika mwaka wa tisa wa ndoa yangu, na sababu yake ilikuwa sinia la boko boko.

Sisi tulioana usiku wa kumi na nne wa Mfunguo Mosi. Kuadhimisha arusi kila mwaka si ada tuliyoirithi kwa wazee wetu, wala mke wangu hakuwa akialika watu au kupamba nyumba. Alikuwa na taratibu yake moja tu, nayo ni kupika usiku huo chakula kile tulicholishwa siku ya kwanza ya fungate yetu. Na boko boko, kwa asiyejua kazi yake, si chakula cha kupikwa na mtu aliyeghafilika. Ngano huroweshwa tangu usiku, ikachemshwa pamoja na nyama kwa moto mdogo hata nyama ikaachana na mfupa, kisha ikasongwa na kupondwa kwa mwiko mpaka isijulikane ngano ni ipi na nyama ni ipi, na mpikaji akawa hana mkono wa kuinulia hata kikombe. Mwisho humiminiwa samli juu yake. Usiku ule nilirejea saa tano, miguu yangu ikinuka pwani, nikafunua kawa, nikala matonge mawili matatu, nikauliza kwa furaha ya mtu mwenye njaa, "Leo arusi kwa nani?" Mke wangu alinitazama kitambo, akajibu, "Kwa watu niliokuwa nikiwajua," akaenda kulala.

Siku tatu zilizofuata sikukosa chai, wala kanzu iliyopigwa pasi, wala jawabu la salamu. Aliyeoa anajua kuwa kunyamaziwa kwa adabu namna hiyo ni kukali kuliko kugombezwa. Kosa langu nililing'amua siku ya pili, katikati ya hesabu za ofisini, nikajumlisha ukurasa mzima kwa makosa. Na jioni yake, badala ya kurudi nyumbani na maneno, nikapita dukani kununua doti ya kanga, gizani, bila kuikunjua. Kumbe jina lake lilikuwa la kumsuta mke mwenza. Mke wangu hana mke mwenza, na kwa namna alivyoyasoma yale maneno mara mbili, nilihisi kwamba nusura aanze kumtafuta. Hapo nikajifunza kwamba zawadi inayotangulia neno hufanya kazi ya hongo, na mpokeaji ana haki ya kuuliza inanunua nini.

Siku ya tatu nikaazimia kuandika barua. Mume na mke wanaolala chumba kimoja kuandikiana barua ni jambo linaloweza kuchekesha, lakini mdomo ukikutana na uso wenye hasira hutafuta pa kujikinga, na neno likishatoka halichaniki, karatasi huchanika. Na ile barua yangu ya kwanza nashukuru kuwa ilichanika. Ilikuwa na kurasa mbili, ikaanza na maneno "kama nimekukosea," ikamalizika kwa kumtaka anisamehe kabla ya sala ya Ijumaa, na katikati yake yalijaa maelezo ya kalenda.

Maelezo yenyewe yalikuwa sahihi, nami niliyapenda. Mwaka wa hijria una siku 354, na baadhi ya miaka 355, nao mwaka wa miladi una siku 365 au 366. Kwa hiyo tarehe ya mwezi mwandamo, ikitazamwa katika kalenda ya ukutani ya ofisi, hurudi nyuma yapata siku 11 kila mwaka. Katika miaka 9 arusi yetu ilikuwa imesogea kwa zaidi ya miezi 3. Mimi ni karani. Mshahara wangu, kodi ya nyumba na ada za shule hufuata miladi, na ilikuwa haki, niliandika, kwamba mtu aishiye kwa hesabu hii apotelewe na siku inayotembea kwa hesabu ile. Niliongeza hata kajedwali kenye miaka yote tisa, kila mmoja na tarehe zake mbili, nikakatazama kwa fahari, nikaona kuwa hapana kadhi atakayenihukumu.

Ndipo nilipofika mwaka wa mwisho wa jedwali na kalamu ikasita. Usiku ule zilikuwa zimepita siku 13 tu tangu kuandama mwezi wa Idi, nao mwezi huo niliuona kwa macho yangu, nikawaonyesha watoto. Juu ya hayo, usiku wa kumi na nne mwezi ni mpevu, na mwezi ukipevuka huwa ni bamvua, na maji ya bamvua hapa kwetu hupwa sana mnamo saa nne za usiku. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na madema mawili kando ya mwamba, tukawa tumehesabu wiki nzima kwa vidole kuungoja usiku huo huo. Maana yake nilikuwa naijua tarehe. Nilikuwa naijua kuliko karani yeyote mjini. Nilikwenda pwani kwa tarehe ya arusi yangu, na mwanga ulionionyesha njia ya mwambani ndio uliokuwa ukiingia dirishani kwa mtu aliyekaa peke yake na sinia lililofunikwa.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia wenye kuomba radhi: udhuru wa kweli na uchunguzwe mpaka mwisho wake, na aghalabu mwisho wake utakuta mtu hakukosa kujua, ila moyo wake ulikuwa umekwenda kwingine. Kalenda haikunificha kitu. Nikaichana barua ile pamoja na jedwali lake, ingawa jedwali niliona uchungu kulichana, nikaliondoa neno "kama," kwa sababu linaligeuza kosa kuwa shaka na kumwachia mkosewa kazi ya kulithibitisha. Nikaliondoa na neno "lakini," ambalo hufuta kila kilichoandikwa kabla yake. Nikaanza upya, karatasi moja.

"Kwa mke wangu mpenzi, mama wa watoto wangu.

Ama baada ya salamu, nakuandikia kukiri kwamba nilisahau usiku wa arusi yetu. Ulirowesha ngano tangu usiku wa kuamkia siku ile, nami nilipita jikoni nikaliona sufuria nisiulize. Ulishinda na mwiko mchana kutwa. Uliningoja tangu magharibi, umejifunga kikuba cha asumini, na niliporudi kikuba kilikuwa kimekwisha nyauka. Nilikiona, nikadhani ni cha jana. Kisha nikauliza lile swali. Sitaliandika tena hapa, kwa kuwa wewe unalikumbuka na mimi nalisikia kila nikifumba macho.

Sina udhuru. Mwezi niliutazama, nikautazama kwa ajili ya madema. Tulipata changu wanne na pono mmoja, na tangu nizaliwe sijala samaki wa ghali kuliko hao.

Sikuombi unisamehe leo. Ukiwa na maneno ya kuniambia, niambie, nami nitasikiliza hata mwisho bila ya kujibu, jambo ambalo najua utapenda kulishuhudia. Ile doti ya kanga nimeirudisha dukani. Nimechora karatasi ya mwezi mzima wa Mfunguo Mosi wa mwakani, ina vyumba 30, na cha mwisho nimekiacha bila namba kwa kuwa mwezi huenda ukaandama kwa 29. Chumba cha 14 nimekitia alama, na karatasi nimeibandika kando ya kioo chako. Siku hiyo ngano nitairowesha mimi na mwiko nitaushika mimi, iwapo utaridhia kukaa karibu uniongoze, boko boko lisije likawa gundi.

Wasalaam.

Mumeo."

Wapo watakaosema kwamba habari za samaki hazikuwa na mahali katika barua ya toba, nami nilifikiri sana kabla ya kuziacha. Mzaha katika kuomba radhi una mpaka mwembamba: ukimcheka mwenyewe aliyekosa hulainisha, ukilicheka kosa hulidogosha, na ukimcheka mkosewa kwa ajili ya hasira yake hubomoa nyumba. Mpaka huo niliujaribu kwa kujiuliza, kila penye mzaha, ni nani anayebaki mjinga sentensi ikiisha. Palipokuwa ni mimi, niliacha. Palikuwa na mzaha mmoja juu ya ukimya wake, mzuri kweli, nikaukata, na hata leo sijamwambia mtu.

Barua sikumpa mtoto apeleke, maana mtoto akishaingizwa kati ya wazazi kama tarishi, mama hulazimika kutabasamu mbele yake, na tabasamu la kulazimishwa si radhi. Wala sikuiweka juu ya meza ya kulia chakula. Niliiacha chini ya kioo, pale alipozoea kuweka sanduku lake la udi, nikatoka kwenda kusali isha, nikakaa barazani msikitini muda mrefu kuliko uchamungu wangu unavyonijuzu.

Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani, barua iko mapajani, penseli yangu ya ofisini iko mkononi. Hakulia, wala hakucheka. Alizungumza, na kama nilivyoahidi nikanyamaza. Alisema kuhusu usiku ule, kisha kuhusu usiku mwingine wa miaka miwili nyuma ambao nilikuwa sikuujua kabisa kuwa nao una deni, na kunyamaza kwangu kulikuwa kazi nzito kuliko mwiko wa boko boko. Alipomaliza aliinuka akaiendea karatasi ya ukutani.

"Siku yetu huanza lini?" akaniuliza.

"Asubuhi," nikajibu, kikarani.

"Siku ya ofisini. Siku ya mwezi huanza magharibi; usiku hutangulia mchana wake. Ungefuata alama yako, ungekuja jioni ya siku ya kumi na nne, na huo ni usiku wa kumi na tano."

Akaifuta alama yangu kwa ncha ya kidole, akatia yake katika chumba cha 13, na pembeni, kwa herufi ndogo, akaandika "magharibi."

"Na ngano," akasema huku akinirudishia penseli, "iroweke siku ya kumi na mbili."