Sikukuu Ikiangukia Siku Yako ya Ofu

Wanangu mnaofanya kazi hapa Nyamasaria, kwenye hadiwea, yadi za mbao, vituo vya mafuta na mjengo, kuna swali mnaloniletea kila kalenda inapokaa vibaya: sikukuu ya taifa imeangukia siku ambayo ningepumzika hata hivyo, je, nina haki ya kulipwa kitu? Nimeshika karatasi za mishahara ya watu kwa muda mrefu nikiwawakilisha wafanyakazi wenzangu, na nimeona kwamba wengi hudai wasichostahili, huku kile wanachostahili kikipita mbele ya macho yao. Kaeni tulitazame kwa utulivu.

Tuchukue Madaraka Dei, kwa sababu miaka 2 iliyofuatana imetupa mfano mzuri. Tarehe 1 Juni 2024 ilikuwa Jumamosi. Tarehe 1 Juni 2025 ikawa Jumapili, ile sherehe ya taifa iliyofanyika Homa Bay, magari yakapita hapa barabarani kuelekea Ahero tangu alfajiri. Sikukuu ni ile ile, lakini kwa mfanyakazi hazikuwa sawa hata kidogo.

Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya, katika kifungu cha 4, inasema kwamba sikukuu iliyoorodheshwa ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo yenyewe si sikukuu nayo huwa sikukuu. Ndiyo maana Jumatatu ya 2 Juni 2025 ilikuwa siku ya mapumziko, na haikuhitaji huruma ya bosi yeyote. Lakini kifungu hicho kinataja Jumapili peke yake. Jumamosi haikutajwa. Karani wa ofisini anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa hakupata kitu chochote mwaka 2024, kwa kuwa Jumamosi ile ilikuwa yake tayari. Mwenzake wa hadiwea, anayefanya kazi siku 6, alikaa nyumbani Jumamosi hiyo na mshahara wake ukabaki kamili.

Sasa wewe ambaye ofu yako si Jumapili. Mhudumu wa kituo cha mafuta hupewa Jumanne, mwingine Alhamisi, kwa maana pampu hazifungwi. Sikukuu ikiangukia Jumanne hiyo, sheria haikuhamishii siku. Umepumzika, mshahara haukukatwa, na hapo ndipo mambo yanapoishia, isipokuwa mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yameandika kwamba utapewa siku nyingine. Mimi naona hilo ni pengo, na nawasihi mlizungumze na mwajiri wakati wa kuandika mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inataka maelezo ya kazi yaliyoandikwa yataje likizo, sikukuu na malipo yake. Mahali penu ni pale. Ukingoja hadi asubuhi ya sikukuu yenyewe, umechelewa.

Jihadharini na jambo moja linalofanana na sikukuu kuangukia ofu lakini si halali kama linavyoonekana. Mwajiri anayejua kwamba Jumatatu ni sikukuu huja Ijumaa na kusema, wiki hii ofu yako ni Jumatatu, Jumapili njoo kazini. Kijana anafurahi, hakumbuki kwamba ofu yake ilikuwa Jumapili na kwamba Jumatatu ilikuwa yake pia. Alikuwa na siku 2, amebaki na moja. Mtaligundua mkiweka ratiba ya wiki hiyo kando ya ratiba ya wiki 4 zilizotangulia. Kama ofu yako imekuwa Jumapili muda wote, kisha ikahama wiki ya sikukuu pekee na kurudi wiki inayofuata, hiyo Jumapili uliyofanya kazi ilikuwa siku ya mapumziko, na ina bei yake.

Bei yenyewe ni hii. Agizo la Jumla la Mishahara la mwaka 1982, linalowahusu wafanyakazi wengi wasio na agizo la sekta yao, linasema kwamba saa utakazofanya kazi katika siku yako ya mapumziko au katika sikukuu hulipwa mara 2 ya kiwango cha kawaida cha saa. Walinzi, watu wa mahoteli na wa ujenzi wana maagizo yao, basi wasome yale. Kwa anayelipwa kwa mwezi, kiwango cha saa hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225.

Tuseme unapata shilingi 18,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 225, unapata shilingi 80 kwa saa. Umeitwa Jumatatu ya sikukuu ukafanya kazi saa 8. Kila saa ni shilingi 160, jumla shilingi 1,280. Fedha hizo zinapaswa kuonekana kama mstari wa ovataimu katika hati yako ya mshahara, juu ya ile 18,000. Wapo waajiri wanaoandika 640 wakidai nusu ya kwanza imo ndani ya mshahara. Mimi sikubaliani nao: mshahara wa mwezi unakulipa siku hiyo hata ukiwa umelala nyumbani, kwa hiyo haukulipii kazi uliyoifanya. Na wewe usidai mara 4 eti siku ilikuwa ofu na sikukuu kwa pamoja. Agizo limeziweka siku hizo 2 katika kapu moja, na kiwango ni mara 2 tu.

Kama hukuitwa kazini, na siku ikawa ofu yako, mshahara wa mwezi hauongezeki. Usiende kugombana ofisini kwa hilo. Lakini pia haupungui. Ukiona Juni umelipwa pungufu kwa sababu eti kulikuwa na sikukuu, hapo simama.

Hadi hapa nimesema na wa mshahara wa mwezi. Wanaonitia uchungu ni vijana wa kutwa, kwa sababu wao huambiwa sentensi moja, huna kazi huna pesa, na huiamini milele. Sentensi hiyo ni kweli kwa kibarua wa kweli peke yake: yule anayechukuliwa asubuhi, akalipwa jioni, na ambaye hakuna aliyemwahidi kesho. Sikukuu ikifika na hajaitwa, hana la kudai. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ndicho kinachobadilisha habari, nacho vijana wengi hawakijui.

Kifungu hicho kinasema kwamba katika kuhesabu ujira na siku mfululizo za kibarua, atachukuliwa kuwa anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo baada ya kufanya kazi siku 6 mfululizo. Kisha kinasema kwamba siku hiyo ya mapumziko, au sikukuu yoyote inayoangukia katika kipindi hicho, itahesabiwa kama sehemu ya siku zake za kazi mfululizo.

Tumtazame kijana wa yadi ya mbao aliyeanza Jumatatu ya 5 Mei 2025 kwa shilingi 700 kwa siku, akifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi bila kukosa. Kila Jumamosi jioni analipwa shilingi 4,200. Jumapili za 11, 18 na 25 Mei, na ile ya 1 Juni, kila moja imekuja baada ya siku 6 za kazi. Hizo ni siku 4 za mapumziko zenye malipo, shilingi 2,800 ambazo hakuziona na hakujua kwamba zipo. Kumbuka kwamba ile ya 1 Juni ilikuwa siku ya mapumziko na Madaraka kwa wakati mmoja. Kwa kijana wa kutwa, hapo ndipo swali letu linapopata jibu tofauti kabisa na la mwenye mshahara: mwenye mshahara hakuongezewa kitu kwa Jumapili ile kwa sababu ilishalipwa ndani ya mwezi wake, lakini huyu bado anadai 700 zake.

Jumatatu ya 2 Juni akaambiwa, ni sikukuu, tumefunga, rudi Jumanne. Alipolipwa wiki hiyo alipata shilingi 3,500 za siku 5. Aliporudi Jumanne karani akaanza kumhesabia upya, kama mtu aliyeajiriwa siku hiyo. Hapo ndipo panapouma zaidi ya zile shilingi. Kwa mujibu wa kifungu cha 37 sikukuu haikukata mfululizo. Imo ndani ya hesabu. Tangu 5 Mei hadi 4 Juni mwezi umetimia. Mtu aliyefikisha siku mfululizo zinazolingana na mwezi mmoja si kibarua tena. Mkataba wake unageuka kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya maandishi ya siku 28. Akiendelea hadi miezi 2 tangu alipoanza, anapata masharti yote kama mtu ambaye hakuwahi kuanza kama kibarua. Tangu hapo sikukuu humkuta akiwa na malipo yake kamili, na akiitwa kufanya kazi siku hiyo hulipwa mara 2.

Kwa hiyo mkiona yadi inafungwa Jumamosi kabla ya sikukuu na majina yanafutwa kwenye daftari, kisha watu wale wale wanaandikwa upya Jumanne, fahamuni kinachofanyika. Hesabu ya mwezi inavunjwa kwa makusudi.

Sasa, haki bila ushahidi haiendi mbali. Ni kweli mwajiri ndiye anayetakiwa kutunza kumbukumbu. Hata hivyo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imeshasema, katika kesi ya mwaka 2016, kwamba anayedai ovataimu, siku za mapumziko au sikukuu ndiye anayepaswa kuonyesha ni lini alifanya kazi hiyo. Mtu husimama mbele ya jaji na kusema, nilifanya kazi sikukuu zote miaka 5, akaulizwa zipi, akanyamaza. Dai lake hutupwa. Basi nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, nani alikuita, ulilipwa kiasi gani. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila wiki, kwa kuwa mfululizo wa tarehe zake unasema kile ambacho daftari la bosi halisemi. Ujumbe wa simu unaosema njoo kesho ni sikukuu lakini tuna mzigo, huo ni dhahabu.

Anza kwa kuzungumza na mwajiri, kwa adabu, ukiwa na hesabu yako kwenye karatasi. Wengine hulipa wakishaona kwamba unajua kugawanya kwa 225. Akikataa, Ofisi ya Leba ipo mjini Kisumu na hupokea malalamiko bila ada. Lakini msikae na jambo hili. Madai ya mkataba wa kazi yana miaka 3, na kwa madhara yaliyokuwa yakiendelea ni miezi 12 tangu yalipokoma. Kama uliacha kazi na kuna Jumapili ambazo hukulipwa, nenda wiki hii.