Swali Lililoandikwa Nyumbani

Idara moja ya chuo imebandika tangazo kwamba katika semina za mwaka wa tatu maswali kwa mtoa mada yatoke papo hapo, na kwamba mwanafunzi atakayesoma swali kwenye karatasi hatapewa nafasi. Kilichozaa tangazo hilo ni swali moja la binti mmoja, nami nilikuwemo ukumbini alipoliuliza. Walimu wenzangu wanaona suala limekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza limeanza, kwa sababu tangazo lile limebeba dai zito kuliko walioliandika walivyodhani: kwamba swali lililoandaliwa si swali.

Binti huyu ni mkimya. Amesoma shule ya kata, na semina zetu huendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kila sentensi anayotaka kuisema hadharani huipima kwanza kichwani, na akimaliza kuipima mjadala umeshahamia kwingine. Safari hii muhtasari wa mada ulitumwa mapema kwenye kundi la darasa. Mtoa mada, kijana hodari na msemaji mzuri, alikuwa amewahoji wanawake wa vikundi vitatu vya VICOBA na kuhitimisha kwamba mikopo ya vikundi hivyo hukuza biashara ndogo. Binti akausoma muhtasari, akaandika maswali manne kwenye nusu karatasi ya daftari, kisha akafuta matatu.

Karatasi hiyo nimeiona. La kwanza liliuliza kwa nini wilaya ile na si nyingine. Akalikata mstari kwa sababu jibu lolote lingeacha hitimisho palepale. La pili yalikuwa maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na anayeulizwa mawili kwa mpigo huchagua lililo rahisi. La tatu lilihusu mpangilio wa marejeo, jambo ambalo msimamizi angelisahihisha mwenyewe. Likabaki la nne, nami nalitafsiri hapa: "Kaka, asante kwa mada. Wote uliowahoji ni wanachama wa sasa. Vikundi vilipoanza vilikuwa na watu wangapi, na waliotoka uliwatafuta?"

Uzito wa swali hili unaonekana kwenye hesabu. Nitatumia namba za mviringo ili ifuatike kirahisi. Tuseme waliohojiwa ni 60, na 48 kati yao wakasema biashara zao zimekua. Hiyo ni asilimia 80, na ukumbi mzima unatikisa vichwa kukubali. Lakini tuseme vikundi vilianza na wanawake 90, na 30 wakatoka njiani. Kama hakuna hata mmoja kati ya hao 30 aliyeinuka, waliofanikiwa ni 48 kati ya 90, yaani asilimia 53 tu. Kama wote waliinuka, ni 78 kati ya 90, karibu asilimia 87. Ukweli uko mahali fulani kati ya namba hizo mbili, na kuwahoji waliobaki tu hakuwezi kutuonyesha ni wapi.

Tena mtu asidhani kwamba waliotoka ni walioshindwa tu. Anayevijua vikundi hivi, vyenye hisa za kila wiki na sanduku la kufuli tatu, anajua milango ya kutokea ni mingi. Mmoja hutoka kwa sababu rejesho limemshinda na aibu imemzidi. Mwingine amemfuata mume aliyehamishwa kikazi. Mwingine biashara yake imekua hata mkopo wa kikundi haumtoshi, akahamia benki. Kwa hiyo binti hakujua jibu lingeelekea wapi. Lingeweza kumwangusha mtoa mada, na lingeweza kumpandisha juu ya alichodai mwenyewe.

Alisimama, akaisoma karatasi yake kwa sauti iliyoanza chini na kupanda kidogo kwenye neno "waliotoka". Mtoa mada akajibu kwamba mada yake inahusu wanachama, na waliotoka si wanachama. Hapo mwenyekiti wa semina angeweza kusema jambo moja la maana, kwamba hitimisho basi lipunguzwe liwahusu waliobaki. Badala yake akamuuliza binti kama swali lile ameliandaa nyumbani. "Ndiyo, mwalimu." Akaambiwa kwamba hilo basi si swali, ni mtego. Darasa likacheka, naye akakaa.

Maana ya swali sitaihangaikia. Tuseme ni ombi la kujua, tuendelee. Na zipo hoja za haki dhidi ya maswali ya karatasi. Aliyekuja na swali lake anaweza kushindwa kusikiliza mada, akauliza lililokwisha kujibiwa. Muda wa semina ni mfupi, na mtoa mada naye ana woga wake. Nazikubali zote, na hakuna hata moja iliyotajwa siku ile.

Kilichotajwa ni mtego. Dai lenyewe ni kwamba swali la kweli huja lenyewe, hububujika mtu anapoguswa na anachokisikia, na kwamba ukilipika nyumbani unakuwa tayari unajua unachotaka, kwa hiyo huulizi, unashambulia. Hoja hii inanikera kwa sababu inavaa vazi la unyofu huku ikiutupa unyofu nje. Inachanganya vitu viwili: kuandaa swali na kuandaa jibu. Binti aliandaa swali. Jibu hakuwa nalo, na alijua kwamba hana. Chini ya swali lake alikuwa ameandika mistari miwili midogo: akisema aliwatafuta, muulize aliwapataje, akisema hakuwatafuta, basi hitimisho ni la waliobaki tu. Mtu anayeandika kabla ya kuuliza kwamba jibu hili litanifanya niamini hivi na jibu lile litanifanya niamini vile, huyo amejifunga kulipokea jibu. Sijui unyofu mwingine wa kuuliza unaozidi huo. Anayebubujika papo hapo mara nyingi hajui ni jibu gani lingemtosha, ndiyo maana akijibiwa husema "sawa, asante" na kukaa bila kubadilika chochote.

Halafu tuangalie nani anayeruhusiwa kuandaa. Mtoa mada alikaa na kazi yake kwa wiki kadhaa, akaandika, akafuta, akajizoeza mbele ya rafiki zake. Hakuna aliyemwambia kwamba kauli zake ni mtego kwa sababu hazikububujika. Maandalizi ya anayedai yanaitwa bidii, na ya anayehoji dai yanaitwa hila. Katika mpango huo dai linaingia ukumbini na mavazi yote ya vita na swali linatakiwa liende uchi, kisha tunashangaa kwamba madai hayashindwi.

Na papo hapo ni pa nani? Wanaouliza papo hapo kwenye semina zetu ni walewale kila wiki, nao karibu wote wametoka shule za mchepuo wa Kiingereza. Siwalaumu, wengine huuliza vizuri sana. Lakini ulimi mwepesi si akili nzito, na kanuni inayodai swali litoke bila karatasi, kwa lugha ambayo nusu ya darasa huitumia kwa jasho, inachuja ulimi na kudai imechuja unyofu. Tangazo halikumtaja binti wala shule yake, na halikuwa na haja.

Hata tungekubali kwamba alijua jibu, bado lisingekuwa kosa. Watoto wetu hufundishwa kuuliza kwa vitendawili. Anayesema "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!" jibu analo mkononi, tena kitenzi chenyewe ni kutega, na walioshindwa humpa mji bila kinyongo. Hakuna anayelia kwamba amevamiwa, kwa kuwa wote wameingia mchezoni wakiujua. Semina nayo ina mchezo wake unaojulikana: unadai, unahojiwa. Aliyepanda jukwaani ameshaitikia "Tega!"

Ninapofika hapa humkumbuka Elisabeth wa Bohemia. Mei 1643 binti huyu wa kifalme, mwenye miaka 24, akiishi uhamishoni The Hague, alimwandikia René Descartes barua yenye swali moja. Descartes alikuwa amefundisha kwamba roho haina umbo wala haichukui nafasi, na mwili ni kitu chenye kuchukua nafasi. Elisabeth akauliza: kama kusukuma kunahitaji kugusana, roho isiyo na umbo inausukumaje mwili? Swali lile halikububujika. Limepangwa sentensi kwa sentensi, limetaja kila njia ya kusukuma anayoijua, na limeonyesha kwamba kila moja inahitaji mguso au umbo. Descartes alikuwa na siku kadhaa za kufikiri, na jibu lake la kwanza halikumridhisha. Elisabeth akarudia. Jibu la pili likamshauri, pamoja na mambo mengine, asitumie muda mwingi kwenye mambo ya metafizikia. Hadi leo anayefundisha falsafa ya Descartes hawezi kulikwepa swali hilo.

Lakini hadithi hii ina upande unaonisumbua. Elisabeth aliuliza kwa barua, faraghani, kwa heshima kubwa. Descartes alipofariki mwaka 1650, Elisabeth hakutaka barua zake zichapwe. Mwaka 1657 zikaanza kuchapwa za Descartes bila zake, na za Elisabeth zikaja kuchapwa karne ya 19. Kwa miaka zaidi ya mia mbili wasomaji walisoma majibu huku maandishi ya aliyeuliza hawayaoni.

Nalitaja hili kwa sababu lipo jambo moja ambalo hata mimi mtetezi wa binti yule wa semina siwezi kulimaliza. Baada ya semina nilimuuliza binti kwa nini hakumnong'oneza mwenzake usiku wa kuamkia siku ile. Angempa nafasi ya kupiga simu kwa waweka hazina, kupekua daftari za zamani, kupata japo majina machache. Ungekuwa uungwana, na pengine kazi yenyewe ingekuwa bora zaidi. Akanijibu kwamba alifikiria hivyo, ila alijua angebembelezwa aliache, naye angekubali. "Mwalimu, mimi nikiongea na mtu wawili tu, nashindwa."

Kwa upande mmoja, kijana yule alistahili onyo, na hakuna hoja yangu ya mchezo unaojulikana inayolifuta deni hilo. Wanaoingia kwenye kitendawili hawapewi alama, na yeye alikuwa anapewa. Kwa upande mwingine, akishaonywa faraghani angeweza kuipunguza sentensi yake ya mwisho kimyakimya, na darasa lote lingeondoka bila kujua kwamba wapo waliotoka. Wao ndio hawakuwa na mtu ukumbini: aliyeshindwa na rejesho, aliyehama na mume, aliyehamia benki. Uungwana kwa mtu mmoja aliyepo na haki ya wengi wasiokuwepo nimeviweka kwenye mizani mara nyingi, na kila mara vinapanda na kushuka. Jambo moja tu nina hakika nalo, kwamba idara haikuvipima kabisa. Iliangalia karatasi mkononi mwa binti, ikaona hila, na kijana yule mpaka leo hajaambiwa na mwalimu yeyote awatafute waliotoka.